Keratini ya saluni: moshi unaochoma macho na nywele zinazokatika baadaye

Shikamoo dada. Niliweka keratini ya kunyoosha nywele Ijumaa. Msusi alipoanza kupitisha pasi, macho yalinichoma hadi machozi yakanitoka, koo likakauka. Akasema ni kawaida, na dawa yake haina formalini, imeandikwa hivyo kwenye chupa. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Amini macho yako kwanza, chupa baadaye.

Formaldehaidi ni gesi isiyo na rangi. Ikiyeyushwa kwenye maji inaitwa formalini, ile ile wanayotumia mochwari kuhifadhia miili. Kinachofanyika kwa maiti ndicho kinachofanyika kwa nywele: inazifunga protini pamoja zikae vile zilivyowekwa. Ndiyo maana nywele zinabaki zimenyooka miezi mitatu au zaidi. Keratini iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa huwa haina kazi kubwa humo. Katika dawa za aina hii, anayenyoosha ni formaldehaidi.

Ujanja wa maandishi uko hapa. Gesi hiyo ikiwa ndani ya maji hugeuka kuwa kitu ambacho wakemia wanakiita methilini glaikoli. Mtengenezaji anashika jina hilo na kudai kwamba formaldehaidi haimo. Sasa pasi yenye joto la nyuzi 230 ikipita kwenye nywele zilizopakwa, maji yanaruka na gesi inarudi kuwa gesi, nusu mita kutoka puani mwako.

Hili lilishapimwa. Mwaka 2010, huko Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, msusi mmoja alilalamika kwamba anatokwa damu puani na macho yanamchoma kila anapotumia dawa ya Brazilian Blowout, ambayo chupa yake ilisema haina formaldehaidi. Wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo wakapeleka sampuli maabara, wakakuta wastani wa zaidi ya asilimia 8. Ili uone ukubwa wake: Brazili, ambako mtindo huu ulianzia, sheria inaruhusu asilimia 0.2 tu, tena kama kihifadhi cha kipodozi, si kama dawa ya kunyoosha. Yaani ilizidi mara 40. Mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilimwandikia mtengenezaji barua ya onyo.

Kwa hiyo ukisoma chupa, tafuta maneno haya yalivyoandikwa: formaldehyde, formalin, methylene glycol, methanal. Usipoyaona, bado hujamaliza, kwa sababu chupa nyingi za saluni zetu zimemiminwa kutoka galoni kubwa na hazina orodha yoyote. Hapo kinachobaki ni mwili wako: macho kuchoma, pua kuwasha, kikohozi kikavu, kifua kubana pasi inapoanza. Na usimshangae msusi anayesema hasikii kitu. Pua huzoea harufu hiyo upesi, ila gesi inaendelea kuingia vile vile.

Nimesoma inaleta saratani. Niliweka mara moja tu, niogope?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehaidi kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004, hasa saratani ya sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua; baadaye likaongeza saratani ya damu. Ushahidi huo umetoka zaidi kwa watu walioivuta kazini kwa miaka. Kuweka mara moja kunakupa macho mekundu na kifua kizito, na ukiwa na pumu kunaweza kukuamshia shambulio usiku huo. Wa kuhofiwa zaidi ni msusi wako, anayesimama kwenye moshi huo wateja watatu kwa siku. Mjamzito asiweke kabisa, na mtoto asikalishwe saluni pasi ikipita.

Saluni nyingine wana keratini ya "asidi", haichomi macho wala hainuki. Hiyo si salama?

Ina shida ya aina nyingine, na wengi hawajaisikia. Badala ya formaldehaidi wameweka asidi ya glaioksiliki, kwenye chupa utaona glyoxylic acid. Macho hayachomi sana, ndiyo maana inapendwa.

Machi 2024, madaktari wa Ufaransa walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 26 aliyekuwa mzima kabisa. Juni 2020 alinyoosha nywele, akapata homa, kutapika, kuhara na maumivu ya mgongo. Vipimo vikaonyesha figo zimejeruhiwa. Akapona. Aprili 2021 ikajirudia. Julai 2022 tena. Mara zote tatu dalili zilimpata siku ile ile aliyotoka saluni, na kichwa kilikuwa kimemuunguza wakati wa kupakwa, hata kikaota vidonda. Krimu yake ilikuwa na asilimia 10 ya asidi hiyo. Walipoipaka kwenye migongo ya panya, figo za panya zikajaa chembe za kalsiamu oksaleti, aina ile ile inayotengeneza mawe ya figo. Israeli nao walikuwa wameripoti wagonjwa 26 wa figo waliotoka kunyoosha nywele.

Si kila anayeipaka atafika huko. Lakini ukitapika, ukaumwa mgongo au mkojo ukapungua ndani ya siku moja au mbili baada ya saluni, nenda hospitali, na mwambie daktari wazi kwamba uliweka keratini. Asipoambiwa atatafuta malaria na UTI, na hatakuwa na sababu ya kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Na kama kichwa kina kidonda au umejikuna usiku uliopita, ahirisha. Ngozi iliyochubuka hupitisha dawa kirahisi.

Mimi niliweka zamani kidogo, mwezi wa pili sasa. Nywele zinakatika mbele, zinajaa kwenye shuka. Nilikuwa na dawa ya kawaida kabla, na mbele nilipaka blichi. Ni keratini au ni mawazo?

Chukua unywele mmoja ulioanguka, uweke juu ya karatasi nyeupe au nyeusi, uangalie ncha zote mbili. Ukiona kijipunje cheupe upande mmoja, umetoka na mzizi. Huo ni unyonyokaji, na ndio unaofuata homa, uzazi au mawazo. Usipoona kijipunje, na vipande viwe vifupi vya urefu tofauti, umekatika njiani. Kwa maelezo yako, nadhani utakuta vipande.

Tufuate kilichozipata nywele za mbele. Dawa ya kawaida ya kulainisha inavunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele nguvu, na havirudi vyote. Blichi ikavunja vingine. Keratini haikujenga kitu hapo; iliufunga unywele dhaifu ukawa mkavu na mgumu, wenye sura nzuri. Kisha ikapita pasi ya nyuzi 230, na wasusi wengi hupitisha mara saba hadi kumi kwenye fungu moja. Joto hilo liko karibu kabisa na kiwango ambacho protini ya unywele yenyewe huharibika. Kama nywele hazikukaushwa sawasawa kwa draya na ulisikia "chsss" pasi ilipogusa, maji yalichemka ndani ya unywele na kuacha vipovu. Kila kipovu ni mahali pa kukatikia.

Mwezi wa kwanza huoni, kwa sababu dawa bado imeushika. Inapoanza kuoshwa, unywele unabaki na udhaifu wake wote. Mara nyingi hukatikia pale nywele mpya zinapokutana na zile zenye dawa. Na kwa asiye na dawa kabisa, dalili ni nyingine: ukilowesha nywele, zile zilizopitiwa pasi sana zinaning'inia tu, hazijikunji tena. Hizo hazitarudi, zinasubiri kukatwa nywele mpya zinapokua.

Basi nyumbani nifanyeje?

Siku zile za kwanza wasusi watakuambia usioshe kwa siku tatu. Inategemea dawa, kuna zinazoruhusu siku hiyo hiyo. Mimi nasema hivi: kichwa kikichoma au ngozi ikavimba, osha leo, acha nywele zirudi zitakavyo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, dirisha wazi, au uani kabisa, maana mabaki ya dawa yakipata mvuke wa maji moto kwenye bafu dogo yanaweza kukuchoma macho upya. Kwa sababu hiyo hiyo usijipitishie pasi chumbani mlango umefungwa na mtoto amelala.

Baadaye tumia shampuu isiyo na salfeti. Kwenye chupa, epuka sodium lauryl sulfate. Kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi na uyaache angalau nusu saa, hata usiku kucha. Bibi zetu wa pwani walikuwa sahihi hapa: mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya madini hayafanyi. Yai na mayonezi, hapana. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, utabaki na harufu tu.

Kondishena kila unapoosha, nywele zichanwe zikiwa nayo, kwa kitana cha meno mapana, kuanzia nchani. Pasi ipumzike. Ikikulazimu, nywele ziwe kavu kabisa, joto lisizidi 180, na ipite mara moja. Dawa ya kawaida na blichi visubiri. Mimi ningekaa miezi mitatu kwanza nione zinavyokua. Maji ya bahari na ya bwawa yanaondoa keratini mapema, ila hilo ni hasara ya pesa, si ya afya.

Kitu ambacho husahaulika ni kusuka. Nywele zenye keratini zinateleza, kwa hiyo msusi anavuta zaidi ili rasta zishike. Ukitoka na vipele vidogo kwenye paji la uso, fumua jioni hiyo hiyo. Na zile ncha zilizochanika za mbele, kata. Hakuna mafuta yanayounganisha unywele uliopasuka.

Mimi ni msusi. Navaa barakoa, na saluni ina feni na AC. Inatosha?

Haitoshi. Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, hata N95, huzuia vumbi na matone. Hii ni gesi, inapita. Inayofaa ni ile ya mpira yenye makopo ya kichujio yaliyotengenezwa kwa formaldehaidi, na makopo hayo hubadilishwa. Feni ya darini inazungusha hewa ile ile, na AC nyingi nazo hazileti hewa ya nje. Fanyia kibarazani au kando ya dirisha, feni ikitazama nje na upepo ukitoka mgongoni mwako. Ikimwagikia jicho, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.