Spironolaktoni, Dawa za Presha na Chumvi Mbadala: Potasiamu Inapozidi Mwilini

Mgonjwa anayetumia spironolaktoni kwa ajili ya moyo mara nyingi huandikiwa pia enalaprili, lisinoprili au kaptoprili, dawa za kundi la ACE ambazo hushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo. Chini ya uangalizi, mchanganyiko huo huwasaidia wengi. Hata hivyo, dawa zote mbili hugusa njia moja: homoni ya aldosteroni ndiyo inayozifanya figo zitoe potasiamu kwenye mkojo, na wakati dawa ya ACE inapunguza utengenezaji wake, spironolaktoni inaizuia ile iliyopo isifanye kazi.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 68 mwenye kisukari, anayetumia enalaprili na miligramu 25 za spironolaktoni kwa siku. Potasiamu yake ni 4.8, na kiwango cha kawaida ni takriban 3.5 hadi 5.0 milimoli kwa lita. Ameambiwa apunguze chumvi, basi mwanawe, kwa nia njema kabisa, anamletea chumvi mbadala. Katika chumvi hiyo sodiamu imeondolewa na mahali pake pakawekwa kloridi ya potasiamu, ambayo kwenye pakiti huweza kuandikwa KCl au E508. Kijiko kimoja cha chai cha aina isiyo na sodiamu kabisa kina takriban gramu 2.5 za potasiamu au zaidi, na huyu mama anatia nusu kijiko kila siku juu ya ndizi, maharage na mchicha anavyokula. Wiki ya tatu anaharisha siku mbili, anapungukiwa maji, na figo zinazidi kushindwa kutoa potasiamu. Asubuhi anainuka kitini kwa kujishika ukutani, miguu mizito kama imefungwa mawe. Damu yake ikipimwa, potasiamu ni 6.9.

Udhaifu huo wa misuli ni dalili mojawapo. Nyingine ni ganzi, kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda polepole mno au kurukaruka, kizunguzungu na kuzirai. Lakini naomba hili lieleweke vizuri: wengi hawahisi chochote mpaka moyo unapovurugika, kwa hiyo kujisikia vizuri hakuchukui nafasi ya kipimo. Potasiamu na kreatinini, inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, hupimwa kabla ya kuanza spironolaktoni, wiki moja hivi baadaye, mwezi mmoja baadaye, kisha mara kwa mara, na pia kila dozi inapobadilishwa.

Anayetumia dawa hizi asitumie chumvi mbadala bila idhini ya daktari wake. Apunguze tu chumvi ya kawaida na kukoleza chakula kwa ndimu, tangawizi au kitunguu saumu. Vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni au septrini navyo visinunuliwe kiholela, kwani huongeza potasiamu. Akiharisha au kutapika sana, apige simu kituoni siku hiyohiyo aulize kama dawa zisimamishwe kwa muda. Akilegea ghafla, akizirai au moyo ukirukaruka, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na dawa zake zote na ile pakiti ya chumvi.