Bi Hawa alipata nini? Dhana potofu kuhusu kusoma kesi nje ya kitabu cha kiada

Dhana: Anayetaka kuelewa jinsi majaji wanavyofikiri aanze na vitabu vizito vya falsafa ya sheria.

Aanze na hukumu moja, aisome yote. Falsafa ina zamu yake: sura ya saba ya kitabu cha H. L. A. Hart cha mwaka 1961, *The Concept of Law*, inazungumzia maneno ya sheria yenye ukingo usio wazi, na itakuingia vizuri ukiwa tayari umemwona jaji akihangaika na maneno ya namna hiyo.

Kwa wanafunzi wa sheria wa Arusha na Moshi, hukumu ninayopendekeza ni ya Mahakama ya Rufani kuhusu kugawana mali baada ya talaka: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32. Ipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na haina malipo.

Dhana: Noti zinatosha. Bi Hawa alishinda, akapewa nusu ya mali.

Hii nakutana nayo kila mwaka, na inaniumiza kwa sababu aliyefungua hukumu yenyewe hawezi kuisema.

Kabla ya hukumu, soma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Funika hukumu, ujiulize: kupika, kufua na kulea ni "kazi" ya kuchuma nyumba iliyonunuliwa kwa mshahara wa mume? Andika jibu lako.

Sasa isome. Wakati ule majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema kazi za nyumbani hazihesabiki, na wapo waliosema zinahesabika. Angalia Jaji Mkuu Francis Nyalali anavyotoka kwenye mkwamo huo. Hachukui kamusi. Anauliza Bunge lilitaka kuponya tatizo gani lilipotunga sheria hii, anajibu kwamba ni uonevu wa wanawake walioolewa, kisha anarudi kwenye maneno ya kifungu na kuyapa maana inayoponya tatizo hilo. Kazi za nyumbani zikaingia. Hatua hiyo ya kutoka kwenye shabaha ya sheria na kurudi kwenye neno lake ndiyo inayopotea kwenye noti.

Endelea mpaka mwisho. Mume alikuwa amempa Bi Hawa fedha za mradi wa familia, naye Bi Hawa akazitumia vibaya. Mahakama ikaona kwamba sehemu yake alikwisha kuimaliza. Kanuni ilikubaliwa, nusu ya mali hakupewa.

Dhana: Ukishajua kanuni ya kesi, unaibandika kwenye kesi nyingine yoyote ya talaka.

Chukua mfano wa kutunga. Mwanamke ameolewa Kibosho. Nyumba aliikuta imejengwa, juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, ambacho mume alirithi kwa baba yake. Kwa miaka mingi ametunza migomba, kahawa na ng'ombe wa zizini, na amelea watoto. Ndoa imevunjika.

Mwanafunzi wa noti ataandika "Bi Hawa" na kuweka kalamu chini. Lakini kesi ile ilihusu mali iliyochumwa ndani ya ndoa, na nyumba hii ilikuwepo kabla. Mlango sahihi ni kifungu kidogo cha tatu, kinachogusa mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au kwa juhudi za wote wawili. Swali linakuwa jipya: kazi za nyumbani zinaweza kuwa "kuendeleza"? Kutunza kahawa ni karibu zaidi na neno hilo kuliko kupika, kwa maoni yangu. Halafu kifungu kidogo cha pili kinataka mila za jamii ziangaliwe, na kihamba cha ukoo kina mila zake.

Ukifika hapo, soma Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufaa ya Madai Na. 102 ya 2018. Mahakama ya Rufani inasisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Yule mama wa Kibosho atahitaji mashahidi, na pengine stakabadhi za chama cha ushirika, kuonyesha alichofanya.

Dhana: Hukumu za mahakama za kimataifa zilizopo Arusha ni za wanaosomea haki za binadamu tu.

Zisome kwa ajili ya hoja. Suala la mgombea binafsi lililoletwa na Mchungaji Mtikila lilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2010 ilisema ni la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, hapa hapa Arusha, ilisema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Weka hukumu mbili pamoja, na kwa kila aya uandike pembeni kama jaji anajenga juu ya Katiba, mkataba, au mipaka ya kazi yake mwenyewe. Soma pia maoni ya majaji walioandika peke yao, maana huko ndiko utakuta hoja ambazo wenzao hawakuzichukua.