Usiniombe maswali kabla hujaniambia unataka kuamua nini

Wiki hii yamenikuta tena. Ujumbe wenyewe mfupi: "Tutengenezee dodoso la maswali kama ishirini hivi kuhusu huduma za maktaba yetu. Tunalihitaji Ijumaa." Dodoso ni la nini, halijasemwa. Atakayelijaza ni nani, halijasemwa pia. Idadi ya maswali tu ndiyo imeshapangwa, kama vile mtu anayemwagiza fundi misumari ishirini bila kutaja kama anajenga kitanda au banda la kuku.

Nikiuliza lengo, jibu ninalijua kabla halijafika: "Tukusanye kwanza, halafu tuone data inasemaje." Miaka yote hii sijaona data ikijisemea yenyewe.

Basi nikampigia simu aliyeniandikia. "Dada, tuseme majibu yote yako mezani. Jumatatu utafanya nini ambacho leo hukifanyi?" Akasema wataandika ripoti. Na baada ya ripoti? Kimya kidogo, kisha likatoka: maktaba inafungwa saa kumi na moja jioni, na uongozi unabishana kama isogezwe hadi saa mbili usiku. Kusogeza kunamaanisha kuajiri mtu wa zamu. Haya, hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Swali langu la pili huwaudhi watu zaidi. Ni namba gani ikija mtafungua jioni, na ni ipi ikija mtaacha? Nataka ijibiwe kabla hata karatasi moja haijachapishwa, kwa sababu majibu yakishaingia kila upande utajisomea humo ushindi wake. Yeye na wenzake walikaa siku mbili, wakarudi na jibu: zamu ina maana wakipata angalau watu 40 kwa jioni moja. Sijui 40 hiyo waliipataje, na nina shaka wao wenyewe wanajua. Lakini tazama ilichokifanya. Kwa siku 22 za kazi, hiyo ni ziara 880 kwa mwezi. Tunachotafuta sasa ni hesabu ya ziara, na yale maswali yote ya "umeridhika kiasi gani, 1 hadi 5" yamekufa hapo hapo, kumi na tatu kwa mpigo. Mtu anaweza kuridhika kwa 5 na asije jioni hata mara moja.

Sasa wahojiwa. "Watumiaji wetu," akasema, "tutawapa karatasi mlangoni." Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo damu yangu huchemka.

Kosa la kwanza liko wazi. Anayehitaji maktaba jioni ni yule ambaye mchana yuko kazini au darasani. Mlangoni saa nne asubuhi hayupo. Utawauliza wanaoweza kuja mchana kama wanataka jioni, watakuambia hawana haja, nawe utaandika kwamba mahitaji hayapo.

Kosa la pili limejificha, na nimeliona hata kwenye kazi za watu wenye shahada kubwa. Tuseme maktaba ina wanachama 1,000. Mia moja huja siku 20 kwa mwezi. Mia tisa waliobaki huja siku moja tu. Kwa mwezi mlango umepitiwa mara 2,000 na wale mia, na mara 900 na wale mia tisa, jumla 2,900. Ukisimama mlangoni siku yoyote, takriban watu 69 kati ya kila 100 utakaowakuta watakuwa wa kundi la kila siku, ambalo kwa kweli ni mtu mmoja tu kati ya kila kumi. Hukukosea kuchagua na wala hukupendelea mtu. Mlango ndio umekuchagulia. Na kuongeza karatasi hakusaidii, kwa sababu karatasi 5,000 zitakupa picha ile ile iliyopinda, ila ukiwa na uhakika zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kura za maoni zipatazo milioni 2.4, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48.

Dawa ya mlango ipo. Unaongeza swali moja, "Katika siku 30 zilizopita umefika hapa siku ngapi?", kisha kila jibu unalipa uzito wa moja gawanya kwa siku hizo. Wa siku 20 anahesabiwa 1/20, wa siku moja anahesabiwa mzima. Kwenye karatasi inapendeza. Shida ni kwamba watu hawakumbuki. Ukiona majibu yamerundikana kwenye 5, 10, 20 na 30, na karibu hakuna aliyesema 7 wala 13, ujue wanakadiria, na uzito wako umejengwa juu ya makadirio. Mimi huutumia hivyo hivyo, kisha narudia hesabu bila uzito na kulinganisha. Majibu mawili yakitofautiana sana, namwambia mteja wazi kwamba sijui.

Ndiyo maana kwa kazi hii nilikataa mlango, nikaomba daftari la wanachama. Humo kila mtu yuko mara moja, anayekuja na asiyekuja. Bado linawakosa wale ambao hawajajiandikisha kwa sababu ya saa hizo hizo za kufunga, na hao sina njia ya bei nafuu ya kuwapata.

Idadi ya wahojiwa nitaipitia haraka. Kila mtu huja na 385 aliyoikariri mahali. Hiyo ni ya kukadiria jibu moja la asilimia, kwa kundi moja zima, wahojiwa wakichaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, ukivumilia kukosea asilimia 5 juu au chini. Ukitaka usahihi huo huo kwa wanafunzi peke yao na wafanyakazi peke yao, unahitaji takriban 385 kwa kila kundi. Hatukuhitaji makundi, tukasonga mbele.

Yakabaki maswali sita. "Je, ungependa tufunge saa mbili usiku?" halimo, hakuna anayekataa kitu cha bure. Badala yake tunauliza: katika siku 30 zilizopita, ni mara ngapi ulitaka kuja ukashindwa kwa sababu tulikuwa tumefunga? Mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi? Hata hivyo, kutoka "nilishindwa kuja" hadi "nitakuja" kuna bonde ambalo sijawahi kuona swali lililolivuka vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa, nilimwandikia hivi: fungueni hadi saa mbili usiku kwa wiki sita, tangazeni kwa wanachama wote, hesabuni vichwa kila jioni, na wiki mbili za mwanzo msizihesabu kwa kuwa watu watakuwa hawajazoea. Mkiona vichwa viko mbali na 40, juu au chini, dodoso halitawaongezea kitu. Vikizunguka hapo hapo 40, nitumieni daftari la wanachama, maswali sita ninayo tayari.

Amejibu leo asubuhi. Uongozi umekubali jaribio, ila anauliza kama naweza kumtumia na yale ishirini.