Maneno mengi tofauti si ushahidi kwamba kaandika mtu

"Insha ikiwa na maneno mengi tofauti, si ndiyo kaandika mtu na siyo mashine?"

Hapana. Kipimo hicho hugawanya idadi ya maneno tofauti kwa jumla ya maneno, na Kiswahili hukihadaa. Chukua "Mtoto anasoma, watoto wanasoma, nasi tutasoma." Kompyuta huona maneno 6, yote tofauti: 6/6, yaani 1. Ukihesabu mizizi, "toto" na "som" zinajirudia, hivyo pamoja na "nasi" zinabaki 3: 3/6, yaani 0.5. Sentensi ni ileile!

Urefu nao hupotosha, kwani kadiri insha inavyorefuka maneno hujirudia na uwiano hushuka, awe kaandika nani. Ndiyo maana watafiti makini hupima vipande vya urefu sawa, tuseme maneno 50, kisha huchukua wastani. Hata hapo, mwanafunzi mwenye msamiati mdogo anaweza kusingiziwa kwamba kaandikiwa na mashine.