Gemu za kutembea: hadithi inasongaje mbele bila adui?

Kuna gemu za kompyuta ambazo hupigi mtu wala hupigwi, na hakuna pointi za kuhesabu. Unatembea, unatazama, unafungua droo, unasoma barua ya mtu, unasikiliza sauti. Katika duka la mtandaoni la Steam zimebandikwa lebo ya Walking Simulator, yaani kiigizo cha kutembea. Jina hilo lilianza kama kejeli kutoka kwa wachezaji waliosema kwamba gemu ambayo huwezi kushindwa si gemu. Kejeli ikazoeleka, na leo hata anayezipenda hulitumia bila kinyongo. Hapa nitaziita gemu za kutembea.

Ukitaka kuzielewa, anza na ukweli mmoja wa ajabu kidogo: gemu hizi tulivu zimezaliwa na gemu za kurusha risasi. Mwaka 2008, Dan Pinchbeck wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, alichukua programu inayoendesha Half-Life 2, gemu maarufu ya bunduki, akaondoa bunduki na maadui wote kama sehemu ya utafiti wake. Alitaka kuona kama kitakachobaki kitaweza kumshika mchezaji. Kilichobaki ni kisiwa kitupu cha Hebrides, pwani ya Uskoti, na sauti ya mwanamume anayesoma vipande vya barua alizomwandikia mwanamke aitwaye Esther. Vipande vingine huchaguliwa kwa bahati nasibu, hivyo watu wawili wanaweza kumaliza kisiwa hicho hicho wakiwa wamesikia maneno tofauti. Gemu hiyo ni Dear Esther. Mwaka 2012 ilitolewa upya na kuuzwa peke yake, mandhari yake ikiwa imechorwa upya na Robert Briscoe, na mapango yake hadi leo yanastahili mtu asimame ayatazame.

Lakini kuondoa maadui kunazua tatizo ambalo mtu wa nje halioni. Katika gemu ya risasi, adui ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kukupa vita. Ya pili, isiyosemwa sana, ni kukuchelewesha. Huwezi kuvuka chumba mpaka umalizane na aliyemo, na wakati huo macho yako yanakizoea chumba. Adui akiondoka, nini kinamzuia mchezaji asikimbie moja kwa moja hadi mwisho na kuikosa hadithi yote? Dear Esther ilijibu kwa kukunyima mbio: miguu ina mwendo mmoja tu, wa polepole. Jibu hilo linafanya kazi kwa yule aliyekuja kutazama mawingu na majani. Wengine limewalaza usingizi, na siwezi kuwalaumu.

Jibu bora zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja mwaka 2013 na Gone Home, iliyotengenezwa na kikundi kidogo cha Portland, Oregon, kiitwacho Fullbright. Waanzilishi wake walikuwa wamewahi kufanya kazi kwenye BioShock 2, gemu nyingine ya bunduki. Nyumba nzima ya Gone Home imepangwa kwa akili ya watu waliojua vizuri adui alikuwa akifanya kazi gani.

Ni saa saba na robo usiku, tarehe 7 Juni 1995. Wewe ni Katie, msichana aliyekuwa akizunguka Ulaya kwa mwaka mmoja. Mvua inanyesha kwa radi na umesimama barazani na sanduku lako. Wakati haupo, wazazi wako na mdogo wako Sam walihamia nyumba hii kubwa waliyorithi kwa ndugu wa baba. Kwa hiyo Katie mwenyewe haijui nyumba. Mchezaji na mhusika wanaingia wakiwa wageni sawasawa, na hakuna haja ya mtu kukueleza jambo ambalo Katie angepaswa kulijua tayari. Mwaka nao umechaguliwa makusudi: watu wa 1995 bado wanaandikiana barua, wanarekodi kaseti, wanaachiana ujumbe kwenye mashine ya simu. Siri za nyumba nzima zipo kwenye karatasi na plastiki, vitu unavyoweza kuvishika.

Mlangoni kuna karatasi ya Sam inayokusihi usianze kupekua kutafuta alikokwenda. Bila shaka unapekua. Ufunguo umefichwa barazani chini ya bata wa mapambo ya Krismasi, na hilo ndilo fumbo lako la kwanza. Ni jepesi, lakini limeshakufundisha kanuni ya gemu nzima, kwamba mlango hufunguliwa na kitu ulichokiona mahali pengine. Ndani kuna kabati la Sam lenye kufuli ya namba, kuna sehemu za nyumba zisizofikika kwanza, na kuna dari iliyofungwa, yenye taa nyekundu zinazoonekana mapema kabisa. Kila kufuli inashika nafasi ya adui. Inakuzuia kwenye chumba fulani mpaka uwe umekisoma. Ndiyo maana mtu anayejua tayari kitu muhimu kimefichwa wapi anaweza kuimaliza gemu hii kwa dakika chache sana, ilhali mgeni huchukua kama saa mbili. Kinachomchelewesha mgeni ni kutokujua tu. Wepesi wa vidole haumsaidii kitu.

Taa zina kazi yake pia. Nyumba ni giza, na unawasha mwenyewe kila chumba. Ukirudi kwenye ukumbi na kuona mlango fulani unatoa mwanga, unajua huko umeshapita. Hakuna orodha ya kazi kwenye skrini wala mshale wa kukuelekeza, ingawa ramani ipo.

Chukua bafu la ghorofani uone hadithi inavyosimuliwa. Unawasha taa na kukuta beseni la kuogea lina madoa mekundu. Usiku, radi, nyumba tupu: mwili unadhani damu. Unasogea na kukuta chupa ya rangi ya nywele. Kisha inasikika sauti ya Sam ikisimulia siku ile, na tukio lililokutisha linageuka kuwa kumbukumbu ya upole baina ya watu wawili. Hofu, kitu mkononi, maelezo: hapo hakuna aliyepambana na yeyote, na bado moyo umepanda na kushuka. Simulizi ya Sam yote huja hivyo, kipande kwa kipande, kila kimoja kikifunguliwa na mahali au kitu chake.

Hadithi ya baba ndiyo niipendayo zaidi, kwa sababu haina sauti kabisa. Ni mwandishi wa riwaya. Unakuta maboksi ya vitabu vyake ambavyo havikununuliwa, unakuta barua za kazini, unaona kwamba sasa anajipatia riziki kwa kuandika tathmini za redio na spika. Hakuna anayekwambia kwamba amevunjika moyo. Unaunganisha mwenyewe, au unapita bila kuona, na gemu haikuulizi.

Nyumba ni tupu kwa sababu ya kawaida tu: kuchora mtu anayetembea na kuongea kwa namna ya kuaminika ni kazi ghali, na kikundi kilikuwa kidogo. Ufinyu huo ukawa mtindo. Utaona gemu nyingi za aina hii zimejaa vitu vya watu, lakini watu wenyewe hawapo.

Je, kufuli hizi zinafanya kazi pia nje, penye mandhari wazi? Firewatch ya mwaka 2016 inaonyesha kwamba zinaweza. Wewe ni Henry, mlinzi wa moto kwenye mnara ndani ya msitu wa Shoshone, jimbo la Wyoming, kiangazi cha 1989. Unashika ramani na dira mkononi, si kwenye kona ya skrini, na njia unaitafuta mwenyewe. Mteremko wa mawe hupitiki mpaka upate kamba, na njia nyingine inahitaji shoka. Mwenzako pekee ni Delilah, msimamizi wako, unayezungumza naye kwa redio. Akikuuliza jambo, unachagua jibu, na ukikaa kimya muda ukapita, kimya chako nacho kinahesabika kuwa jibu. Kwa anayependa jua linalozama nyuma ya misonobari, hii ndiyo ya kununua kwanza. Njama yake humalizika kwa namna iliyowaudhi wengi, ila safari ya kufika huko haidhuriki.

Sasa tahadhari. Lebo za Steam huwekwa na wachezaji pamoja na watengenezaji, na lebo ya Walking Simulator hubandikwa hata kwenye gemu za kutisha ambazo zina zimwi la kukufukuza. Kabla ya kulipa, tazama lebo zilizo jirani: ukiona Horror au Psychological Horror, soma maelezo vizuri. Gone Home haina zimwi, lakini giza lake linawasumbua watu, na watengenezaji walilijua hilo: unapoanza mchezo mpya unaweza kuchagua taa zote ziwe zimewashwa tayari. Kutokuwa na vita pia si kutokuwa na huzuni. What Remains of Edith Finch ya 2017 ni nzuri mno, lakini karibu kila chumba chake ni kifo cha mtu wa familia, wakiwemo watoto.

Tatizo la pili ni kizunguzungu. Kutazama kwa macho ya mhusika huwapa watu wengine kichefuchefu, hasa kichwa cha mhusika kikiyumba kila hatua. Ingia kwenye mipangilio, zima Head Bob kama ipo, na ongeza Field of View, yaani upana wa unachokiona, kidogo kidogo. Kama jasho jembamba linaanza kukutoka, acha hapo hapo, kwa kuwa kujikaza huzidisha hali. Tatu ni lugha: hadithi ipo kwenye maandishi na mazungumzo, na yote niliyotaja ni ya Kiingereza kwanza. Washa Subtitles, yaani maandishi ya kinachosemwa, tangu mwanzo.

Ambaye tumbo lake haliwezi kabisa, kuna tawi jingine, la gemu tulivu za kuzurura, ambamo mhusika unamwona mzima na nchi yenyewe ndiyo yenye neno. A Short Hike ya 2019, kazi ya Mkanada Adam Robinson-Yu, ni mfano mzuri. Ndege mdogo aitwaye Claire anasubiri simu muhimu, na mtandao unapatikana kileleni tu. Kupanda kunahitaji manyoya ya dhahabu. Kila unyoya unakupa pumzi ya kukwea zaidi kabla ya kuchoka. Ukianguka huumii, unaruka na kuelea chini hadi ufukweni, unakutana na mtu anayetaka kufundishwa au kusaidiwa kitu, unasahau simu. Manyoya hayo ni kufuli zilezile za Gone Home, isipokuwa hapa unachagua mwenyewe utayaokota wapi na kwa mpangilio gani. Jioni moja inatosha kufika juu, na sehemu kubwa ya kisiwa itakuwa bado hujaiona.