UNION haijui mteja wala muamala: dhana potofu kuhusu UNION na UNION ALL

Mchambuzi akikwambia kwamba, unapounganisha majedwali kwa SQL, UNION huondoa mistari iliyojirudia na UNION ALL huibakiza yote, amekwambia kweli tupu. Shida ni sentensi ambayo watu huiongeza wenyewe: "Basi UNION ndiyo salama zaidi." Wahasibu wananiambia hivyo, wenye maduka hapa Nairobi wananiambia hivyo, hata vijana waliotoka mafunzoni juzi. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Dhana: tumia UNION kila mara, data itatoka safi

Ukweli ni kwamba UNION haijui nini ni kosa na nini ni biashara halali. Inatazama kolamu ulizozichagua tu, na mistari miwili ikilingana katika kolamu hizo zote, mmoja unaondoka. Haiulizi kama ni wateja wawili tofauti.

Chukua mwenye maduka mawili, moja Kayole na jingine Umoja. Asubuhi moja, duka la Kayole limeuza pakiti ya maziwa kwa shilingi 60, pakiti nyingine ya maziwa kwa 60 kwa mteja mwingine, na mkate kwa 65. Umoja wameuza maziwa kwa 60 na unga kwa 170. Jumla ya fedha zilizoingia ni shilingi 415. Sasa mtu anaunganisha majedwali hivi:

```sql
SELECT SUM(kiasi)
FROM (
  SELECT tarehe, bidhaa, kiasi FROM mauzo_kayole
  UNION
  SELECT tarehe, bidhaa, kiasi FROM mauzo_umoja
) AS mauzo;
```

Jibu linatoka 295. Mistari mitatu ya maziwa imekuwa mmoja, na shilingi 120 zimepotea kwenye ripoti ilhali droo ya pesa inazo. Hakuna onyo, hakuna kosa lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Badilisha UNION iwe UNION ALL, na 415 inarudi.

Angalia pia ni nani aliyeumia. Unga na mkate, vilivyouzwa mara moja moja, havikuguswa. Maziwa, yanayotoka haraka kuliko vyote, ndiyo yaliyokatwa. Kwa hiyo kadiri bidhaa inavyouzwa sana kwa bei ile ile, ndivyo inavyopungua kwenye ripoti. Mwenye duka akiagiza mzigo kwa kufuata ripoti hiyo, atapunguza maziwa, na wateja wake watakwenda kwa jirani. Hata wastani unapinda: bei ya wastani kwa kila mstari ni 83 kwa hesabu sahihi, lakini UNION inaipandisha hadi zaidi ya 98.

Na ukichagua kolamu chache zaidi, hali inakuwa mbaya zaidi. Ondoa `tarehe` ubakishe `bidhaa` na `kiasi` tu, na maziwa ya mwezi mzima ya shilingi 60 yanakuwa mstari mmoja.

Dhana: UNION huondoa tu mstari uliopo katika majedwali yote mawili

Hii ndiyo inayoniudhi hasa, kwa sababu inawafanya watu wajione wamejikinga. Wanaongeza kolamu ya tawi, `'Kayole' AS tawi` upande mmoja na `'Umoja' AS tawi` upande wa pili, wakiamini kwamba sasa mistari haiwezi kugongana.

Kati ya tawi na tawi, ni kweli haitagongana. Lakini UNION hukusanya matokeo yote pamoja kisha huondoa marudio popote yalipo, hata yale yaliyotoka ndani ya jedwali moja. Zile pakiti mbili za Kayole bado zinafanana: tarehe moja, bidhaa moja, bei moja, tawi moja. Jumla inapanda hadi 355 na mtu anafurahi kwamba amerekebisha, kumbe shilingi 60 bado hazipo. Ripoti iliyokosea kidogo ni ngumu kuishtukia kuliko ile iliyokosea sana.

Njia ya kujua ni rahisi. Hesabu mistari ya kila jedwali kwa `COUNT(*)`, jumlisha, kisha hesabu mistari ya matokeo yaliyounganishwa. Hapa ni mitatu na miwili, yaani mitano. Ukipata minne, kuna mstari uliomezwa, na ni juu yako kueleza ni upi na kwa nini.

Dhana: faili likipakiwa mara mbili, UNION italitatua

Kama jedwali lina kolamu ya muda wa kupakia na umeichagua, kila nakala ina muda wake, kwa hiyo mistari haifanani na UNION inaibakiza yote. Kama hukuchagua kolamu hiyo wala namba ya muamala, UNION itaondoa nakala za kweli pamoja na mauzo halali, bila kutofautisha. Kutafuta marudio ya kweli kunahitaji kitu kinachotambulisha muamala:

```sql
SELECT namba_muamala, COUNT(*)
FROM mauzo_kayole
GROUP BY namba_muamala
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Ukiyaona, uamue wewe ni nakala ipi ibaki. Kisha unganisha kwa UNION ALL.

Mimi huwaambia wote ninaofanya nao kazi: anza na UNION ALL. Andika UNION pale tu unapoweza kusema kwa sentensi moja kwa nini marudio hayatakiwi. Kuna mahali inafaa kabisa, mfano unapotaka orodha ya namba za simu za wateja walionunua Kayole au Umoja, kila namba mara moja. Hapo nako, namba iliyoandikwa kwa kuanzia 07 na ile ile iliyoandikwa kwa kuanzia +2547 ni vitu viwili kwa UNION. Zisawazishe kwanza.

Nyingine za haraka

Wapo wanaosema kwamba UNION hupanga matokeo kwa mfuatano. Usitegemee hilo. Hifadhidata inaweza kupanga ili ipate marudio, au ikatumia njia nyingine isiyopanga. PostgreSQL hufanya yote mawili kulingana na hali, na `EXPLAIN` itakuonyesha. Ukitaka mfuatano, andika `ORDER BY` mwishoni.

Wapo wanaodhani mistari yenye NULL haiondolewi kwa sababu NULL hailingani na NULL. Kwenye `WHERE` ni hivyo, lakini UNION huzihesabu kuwa sawa na kuondoa marudio yake.

Wengine wanaamini kolamu hulinganishwa kwa majina. Hulinganishwa kwa nafasi. Ukiandika `bidhaa, tawi` juu na `tawi, bidhaa` chini, na zote ni maandishi, amri itapita bila lalamiko na "Umoja" itakaa kwenye orodha ya bidhaa.

Na ukichanganya UNION na UNION ALL katika amri moja, zinatekelezwa kutoka juu kwenda chini. Ukiunganisha Kayole na Umoja kwa UNION ALL, kisha ukaongeza duka la tatu kwa UNION, ile UNION ya mwisho inaondoa marudio ya kila kitu kilichoitangulia, na zile pakiti za maziwa zinapotea tena. Kama ni duka la tatu tu linalohitaji kuondolewa marudio, liandikie `SELECT DISTINCT` lenyewe, na viungo vyote viwili vibaki UNION ALL.