Msimbo mmoja, vikoa viwili: je, mgeni ni yuleyule?

"Nikiweka msimbo uleule wa Google Analytics kwenye tovuti zangu mbili, mgeni anayehama kutoka moja kwenda nyingine anahesabiwa mmoja."

Ni rahisi kuamini hivyo, kwa kuwa ripoti ni moja. Lakini utambulisho wa mgeni hukaa kwenye kidakuzi kiitwacho `_ga`, kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huihifadhi kwenye kivinjari, na kivinjari hakikabidhi kidakuzi cha kikoa kimoja kwa kingine.

Chukua nyumba ya wageni ya Capri Point, Mwanza, yenye ukurasa wa malipo kwenye kikoa kingine. Mtu akibofya "Lipia", anapewa kidakuzi kipya: mtu mmoja, watumiaji wawili. Ndiyo maana tovuti yako mwenyewe huonekana kama chanzo cha wageni.

Dawa ni kutaja vikoa vyote viwili kwenye mipangilio ya lebo ya Google, yaani msimbo huo uliouweka. Hapo kiungo hubeba utambulisho ndani ya anwani:

```
https://malipo.example/?_gl=1*...
```

Kigezo hicho cha `_gl` hudumu dakika 2 tu, hivyo kiungo kilichonakiliwa na kutumwa WhatsApp hakiwaunganishi watu wawili.

Jipime mwenyewe. Bofya kiungo, utazame kama `_gl` ipo kwenye anwani. Kisha fungua zana za msanidi, sehemu ya vidakuzi, ulinganishe namba mbili za mwisho za `_ga` pande zote. Zikitofautiana ingawa `_gl` iliwekwa, chunguza kwanza uelekezaji wa seva. Mara nyingi ndio unaoifuta njiani.